Sanduku, mkebe na mpira: kipi kinabingirika?

Juma hili tunaketi chini na watoto wa kuanzia miaka sita. Tafuteni vitu vinne vya nyumbani: kisanduku cha viberiti, mkebe wa tomate ambao haujafunguliwa, mpira na kikombe cha plastiki chenye mdomo mpana kuliko kitako. Mkebe uliokwisha kufunguliwa una mdomo unaokata vidole, basi uacheni. Ongezeni kipande cha makala.

Uso na ukingo

Mtoto apitishe kiganja juu ya kisanduku kilichofungwa. Pale kiganja kinapolala sawa ni uso. Pale nyuso mbili zinapokutana, kidole kinasikia mstari mkali: huo ni ukingo.

Nyuso ni rahisi: juu, chini, na nne za kuzunguka, jumla 6. Shida iko kwenye kingo. Watoto wengi watajibu 24. Msikemee jibu hilo, kwa sababu lina maana yake. Mtoto ameona kwamba kila uso una kingo 4, na nyuso ni 6, akajumlisha zote. Lakini ukingo mmoja ni wa nyuso mbili, kama ukuta mmoja kati ya vyumba viwili. Kwa hiyo kila ukingo umehesabiwa mara mbili.

Mpe makala. Kila ukingo anaouhesabu aupake weusi, na ulio mweusi tayari asiurudie. Atapata 4 za juu, 4 za chini na 4 zinazosimama: 12.

Sasa mkebe. Una nyuso mbili zilizo sawa, juu na chini, na uso mmoja uliopinda unaouzunguka, pale penye karatasi ya jina. Kingo zake ni 2, nazo ni duara. Mpira una uso mmoja tu uliopinda, wala hauna ukingo hata mmoja. Kidole kinazunguka kote bila kusikia mstari.

Kubingirika si kuteleza

Egemezeni ubao juu ya tofali moja lililolazwa, uwe mteremko mdogo. Mteremko ukiwa mkali, hata kisanduku kitashuka, na mtoto atasema kimebingirika. Ili kujua ukweli, wekeni alama ya makala upande wa juu wa kila kitu, kisha mkiachie. Alama ikizunguka, ikapita chini na kurudi juu, kitu kimebingirika. Ikibaki juu mpaka mwisho wa ubao, kitu kimeteleza.

Mkebe ujaribiwe kwa namna tatu. Ukisimama juu ya uso ulio sawa, unatulia. Ukilazwa kukingama mteremko, unabingirika moja kwa moja. Ukilazwa huku kitako kikitazama chini ya mteremko, haubingiriki. Sababu ni kwamba uso wake umepinda kwa kuzunguka tu. Kwa urefu umenyooka. Mpira umepinda pande zote, ndiyo maana unakwenda popote. Lakini mpira uliopungua upepo unajilaza na kusimama njiani, na mkebe uliobonyea unaruka-ruka. Chagueni vilivyo vizima.

Mwishowe, lazeni kikombe sakafuni na kukisukuma polepole. Hakiendi mbele, kinapiga duara! Katika mzunguko mmoja, mdomo mpana unatembea njia ndefu kuliko kitako chembamba, basi kikombe kinapinda kuelekea upande wa kitako.

Karatasi ya kazi

Mtoto anakili katika daftari na kujaza. Aandike kwanza anachodhani, kisha ajaribu.

1. Kisanduku cha viberiti: nyuso zilizo sawa ___, nyuso zilizopinda ___, kingo ___. Kinabingirika? ___
2. Mkebe: nyuso zilizo sawa ___, nyuso zilizopinda ___, kingo ___. Unabingirika ukiwekwa namna gani? ___
3. Mpira: nyuso zilizo sawa ___, nyuso zilizopinda ___, kingo ___. Unabingirika? ___
4. Chora njia ya kikombe sakafuni. Kitako kilikuwa ndani ya duara au nje? ___
5. Tafuta nyumbani kitu kingine kinachobingirika upande mmoja tu. ___

*Majibu kwa mzazi:* (1) 6, 0, 12, hapana. (2) 2, 1, 2. Ukilazwa kukingama mteremko. (3) 0, 1, 0, ndiyo, kila upande. (4) Ndani. (5) Betri ya tochi, mshumaa au kalamu ya mviringo.

Baadaye darasani mtoto atapewa majina ya vitu hivi kwa Kifaransa. Aliyekwisha kuushika ukingo kwa kidole chake atakuwa na neno jipya tu la kujifunza, maana kitu chenyewe anakijua.