Ndoto Iliyotimia na Zile Zisizohesabiwa

Katika misiba yetu hukosi mtu wa kusema, "Mimi marehemu nilimwota juzi tu." Alimwona amevaa nguo nyeupe, anavuka mto, akaitwa asigeuke. Waliokaa mkekani hutikisa vichwa, na mzee mmoja ataongeza kwamba hata yeye, mwaka aliofiwa na baba yake, aliota jino limeng'oka.

Mara nyingi wasimulizi hawa hawasemi uongo. Ndoto waliota, na kifo kimetokea kweli. Cha kuuliza ni kingine. Ni watu wangapi waliota ndoto kama hiyo, wakaamka na hofu, wakampigia simu yule waliyemwota, wakamkuta anakunywa chai? Hao hawana cha kusimulia msibani, kwa sababu msiba haukuwapo. Kwa hiyo masikioni mwetu hufika ndoto zilizotimia peke yake, nasi tunaishia kuzipima bila kujua zilitoka katika kundi kubwa kiasi gani.

Ndoto 1,300 za mtoto mmoja

Kuna wakati kundi hilo zima lilikusanywa. Usiku wa tarehe 1 Machi 1932, katika jimbo la New Jersey nchini Marekani, mtoto wa miezi 20 aliibwa kitandani mwake, ghorofani. Baba yake alikuwa Charles Lindbergh, rubani aliyesifika dunia nzima kwa kuvuka Bahari ya Atlantiki peke yake kwa ndege mwaka 1927. Dirishani iliachwa barua ya kudai fidia, na nje ikakutwa ngazi ya mbao ya kuungwaungwa. Kwa wiki nyingi magazeti hayakuwa na habari nyingine, na nchi nzima ililala na kuamka na mtoto huyo kichwani.

Wanasaikolojia wawili wa Chuo Kikuu cha Harvard, Henry Murray na D. R. Wheeler, waliona hapo nafasi adimu. Kupitia gazeti waliwaomba wasomaji wawapelekee ndoto zozote walizoota kuhusu mtoto huyo. Zilifika zaidi ya 1,300, nazo ziliandikwa kabla mtu yeyote hajajua mwisho wa mkasa. Hilo ndilo lililozipa thamani, maana mwandishi hakuweza tena kurudi nyuma na kuirekebisha ndoto yake ifanane na habari.

Tarehe 12 Mei mwili wa mtoto ulipatikana kwa bahati, katika kichaka kando ya barabara, kilomita chache tu kutoka nyumbani kwao. Alikuwa amekufa, amefukiwa juujuu, katikati ya miti. Watafiti wakarudi kwenye barua zao. Takriban asilimia 5 tu ndizo zilizomwonyesha mtoto akiwa amekufa. Zilizokuwa na mambo yote matatu, yaani kifo, kaburi na miti, zilikuwa nne.

Hebu mfikirie mmoja wa wale wanne. Angeisimulia ndoto yake peke yake kwa majirani, nani angembishia? Alisema mtoto amekufa, alisema amezikwa, alisema kuna miti, na yote yakawa. Lakini ukiziweka zile nne karibu na nyingine takriban 1,300 zilizokosea, mshangao unapungua. Watu wengi wakiota jambo moja ambalo matokeo yake yanayowezekana ni machache, wachache watapatia hata kama hakuna aliyeonyeshwa chochote.

Hesabu ya usiku mmoja

Tulete hesabu hiyo nyumbani. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu milioni 61.7 Tanzania. Tuchukulie watu wazima ni milioni 30. Kisha tukadirie, kwa ajili ya mfano tu, kwamba kila mmoja ana mzee mmoja anayemhofia, na kwamba huota kifo cha mzee huyo mara moja tu katika miaka kumi, ambayo ni kama usiku 3,650. Tukadirie pia kwamba katika kila wazee 100, mmoja hufariki kwa mwaka.

Kwa makadirio hayo, watu 300,000 watafiwa na mzee wao mwaka huo. Kwa kila mmoja wao, nafasi ya ile ndoto yake ya pekee kuangukia usiku ule ule wa kuamkia msiba ni 1 kati ya 3,650. Gawanya 300,000 kwa 3,650, unapata 82. Yaani kila mwaka watu kama 82 wataota kifo usiku, na simu ya msiba itawafikia kesho yake, kwa bahati tupu. Ukikubali pia ndoto iliyotangulia msiba kwa mwezi mzima, wanafika karibu 2,500.

Kwa mhusika, tukio hilo ni la ajabu kabisa, na hakuna wa kumlaumu akitetemeka. Kwa nchi nzima, litatokea kila wiki mahali fulani, na mahali hapo ndipo simulizi itakapotoka kuingia kwenye kundi la WhatsApp la ukoo.

Kuna pia ndoto ambazo haziwezi kushindwa. Jino kung'oka hutafsiriwa na wengi kuwa ni kifo cha ndugu. Ndugu yupi? Lini? Haisemwi. Mtu mwenye ndugu 100 akihesabu wajomba, mashangazi, binamu na watoto wao, nao wakifariki kwa kadirio lile lile la mmoja katika 100 kwa mwaka, ana nafasi kama 63 katika 100 ya kufiwa angalau mara moja ndani ya miezi 12. Aliyeota jino akasubiri mwaka, kuna uwezekano mkubwa atapata msiba wake, na asiyeota jino vilevile.

Kumbukumbu inavyochagua

Sehemu kubwa ya ndoto zilizo wazi huja katika kipindi cha usingizi ambacho macho hukimbiakimbia chini ya kope. Kipindi hicho hurudi kila baada ya dakika 90 hivi, kwa hiyo kwa usiku mmoja mtu huota mara kadhaa. Nyingi ya ndoto hizo hupotea hata kabla hajamaliza kupiga mswaki.

Sasa chukua mtu aliyeota amepanda basi na rafiki wa zamani wa shuleni. Asubuhi hana habari nayo. Saa kumi jioni anasikia kwamba rafiki huyo amepata ajali, na ghafla ndoto inarudi: "Mbona nilimwota!" Habari ndiyo iliyoifufua ndoto. Jina lile lisingetajwa siku hiyo, ndoto ingekuwa imekwenda moja kwa moja. Na inaporudi hairudi nzima. Basi lililokuwa linakwenda taratibu sasa linayumba, na rafiki aliyekuwa kimya anaonekana kama aliyekuwa anaaga. Msimulizi hadanganyi. Anajaza mapengo kwa kile anachokijua tayari.

Mtafiti Caroline Watt wa Chuo Kikuu cha Edinburgh, Uskochi, na wenzake walilipima jambo hili. Waliwasomesha watu kumbukumbu zilizoandikwa kama za mtu mmoja, zikiwa na ndoto zake na mambo yaliyompata baadaye. Baadhi ya ndoto zilifuatwa na tukio linalofanana nazo, nyingine hazikufuatwa. Wasomaji walipoombwa baadaye kueleza walichokumbuka, walizikumbuka zaidi zile zilizotimia. Hizo hazikuwa hata ndoto zao. Ndoto isiyotimia haina mahali pa kushika akilini, kwa sababu hakuna kilichotokea cha kuikumbusha.

Hofu huota kwanza

Bahati na kumbukumbu hazimalizi maelezo. Ndoto hazichaguliwi kama namba za bahati nasibu. Tunaota tunachokihofia, na tunachokihofia mara nyingi kina sababu. Binti anazungumza na mama yake kwa simu kila Jumapili. Wiki hizi mbili amemsikia akihema kwa kupanda ngazi tatu tu, na mama ametaja kwa kupitia kwamba viatu vinambana jioni. Usiku binti anaota mama anazikwa. Mama akilazwa mwezi huohuo, ndoto haikuutabiri ugonjwa. Ugonjwa ulikuwa umeanza, nao ndio ulioileta hofu, na hofu ikaleta ndoto. Mafundisho ya Kiislamu, yanayoigawa ndoto katika aina tatu, yanaitaja moja kuwa ni nafsi ya mtu kuzungumza na mwenyewe, na wataalamu wa usingizi hawako mbali na hapo.

Lakini hofu haijui matokeo. Jijini Paris, daktari wa usingizi Isabelle Arnulf na wenzake waliwauliza wanafunzi 719 waliofanya mtihani mgumu wa kuingia udaktari waliota nini usiku wa kuamkia mtihani. Takriban asilimia 60 walikuwa wameuota, na nyingi ya ndoto hizo zilikuwa mbaya: kuchelewa, kusahau majibu. Matokeo yalipotoka, waliouota mtihani walikuwa wamefanya vizuri zaidi kuliko wasiouota. Walioota wanaanguka wakafaulu hawakwenda kumwambia mtu kwamba ndoto imewadanganya.

Wakati mwingine hofu huisaidia ndoto itimie. Dylan Selterman wa Chuo Kikuu cha Maryland aliwafuatilia wapenzi walioandika ndoto zao kwa wiki mbili pamoja na mwenendo wa siku zao. Ndoto za wivu zilifuatwa na ugomvi zaidi siku inayofuata, na ndoto za kusalitiwa zilifuatwa na siku za kupungukiwa na mapenzi. Aliyeota mwenzake anamwacha huamka na kinyongo, humjibu mkato, huikagua simu yake. Akiachwa baada ya miezi sita ya hayo, atasema alionyeshwa mapema. Pengine ndiyo maana katika mafundisho yaleyale aliyeota vibaya huambiwa asimsimulie mtu. Ndoto isiyosimuliwa haiwapi watu kazi ya kuisubiri.

Anayetaka kujua kama ndoto zake zinatabiri anaweza kujipima kwa daftari. Ndoto iandikwe kabla ya kushika simu asubuhi, na tarehe, nani alikuwamo na wapi. Papo hapo iandikwe pia ni tukio gani hasa litakalohesabika kuwa imetimia, na mwisho wake ni lini, kwani bila hivyo hata jeraha la kidole litahesabiwa kuwa kifo. Baada ya miezi kadhaa zihesabiwe safu tatu: ndoto zilizotimia, ndoto zilizopita bure, na mambo makubwa yaliyomfika bila ndoto yoyote. Safu ya tatu ndiyo husahaulika kuliko zote, na misiba yetu mingi imo humo.

Na yule binti? Ampeleke mama hospitali, akapimwe presha na moyo. Kuhema kwenye ngazi tatu na miguu inayovimba ni sababu ya kutosha, hata kama usiku ule angeota harusi.