Mchezo wa Nimu: jinsi ya kuona hatua ya ushindi katika mafungu

Nimu ni mchezo wa watu wawili unaochezwa kwa mafungu ya kete, kokoto, njiti za kiberiti au kitu chochote kinachohesabika. Kwa zamu, kila mchezaji huchagua fungu moja na kuondoa humo kete kadiri apendavyo: moja, mbili, au fungu zima. Haruhusiwi kugusa mafungu mawili katika zamu moja, wala kupitisha zamu bila kuondoa chochote. Anayechukua kete ya mwisho kabisa ndiye mshindi.

Aliyeupa mchezo huu jina hilo ni Charles Bouton, mwanahisabati wa Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani. Katika makala yake ya mwanzoni mwa karne ya 20 alionyesha kwamba, kwa mpangilio wowote wa mafungu, inawezekana kujua kwa hesabu fupi nani atashinda iwapo wote wawili watacheza bila kosa, na ni hatua gani inayompeleka huko.

Hesabu hiyo inaanzia kwenye mafungu machache. Likiwepo fungu moja tu, mwenye zamu hulichukua lote na mchezo umekwisha. Yakiwepo mawili, jambo la kuangalia ni kama yanalingana. Tuseme ni fungu la kete 4 na la kete 7. Mwenye zamu huondoa 3 katika lile kubwa ili yabaki 4 na 4. Kuanzia hapo, chochote atakachofanya mpinzani upande mmoja, yeye hukirudia upande wa pili. Mpinzani akiondoa 1, naye huondoa 1. Akimaliza fungu, naye hulimaliza lililobaki. Kwa kuwa kila mara ana jibu, hawezi kamwe kukosa kete ya kuchukua, na ya mwisho itakuwa yake. Mafungu mawili yanayolingana ni hali mbaya kwa mwenye zamu, na yasiyolingana ni hali njema kwake.

Mafungu yakiwa matatu au zaidi, kulinganisha kwa macho hakutoshi. Wazo la Bouton ni kwamba usawa bado upo, lakini si usawa wa mafungu mazima bali wa vipande vyake. Kila fungu hugawanywa kwa mawazo katika vipande vya 1, 2, 4, 8, 16 na kuendelea, kila kimoja kikiwa maradufu ya kilichotangulia, na hakuna kipande kinachotumika mara mbili ndani ya fungu moja. Namba yoyote ina njia moja tu ya kugawanywa hivyo: 3 ni 2 na 1, 5 ni 4 na 1, 7 ni 4, 2 na 1. Huku ndiko kuandika namba katika kizio cha mbili, ambapo tarakimu 1 huonyesha kuwa kipande kipo na 0 huonyesha kuwa hakipo. Mafungu ya 3, 5 na 7 huandikwa hivi:

```
      4  2  1
3  =  0  1  1
5  =  1  0  1
7  =  1  1  1
-------------
      0  0  1
```

Mstari wa chini hupatikana kwa kuhesabu vipande katika kila safu wima. Idadi yake ikiwa shufwa, vipande hufutana viwili viwili na chini huandikwa 0. Ikiwa witiri, kimoja hukosa mwenzake na chini huandikwa 1. Hakuna kubeba kwenda safu inayofuata kama ilivyo katika kujumlisha kwa kawaida. Namba inayosomeka chini huitwa jumla ya Nimu. Hapa vipande vya 4 ni viwili, vya 2 ni viwili, na vya 1 ni vitatu, kwa hiyo jumla ya Nimu ni 1.

Kanuni yenyewe ni hii: jumla ya Nimu ikiwa 0, mwenye zamu yumo hatarini, ikiwa namba nyingine yoyote, mwenye zamu anaweza kushinda. Anachotakiwa kufanya ni kumwachia mpinzani hali ya sifuri kila mara.

Sababu zake ni mbili. Kwanza, kutoka hali ya sifuri, hatua yoyote huivunja sifuri. Mchezaji hubadilisha fungu moja tu, na kubadilisha fungu maana yake ni kuongeza au kupunguza angalau kipande kimoja ndani yake. Safu ya kipande hicho iliyokuwa shufwa huwa witiri. Pili, kutoka hali isiyo sifuri, daima ipo hatua ya kuirudisha sifuri. Safu kubwa kuliko zote yenye upungufu ina idadi witiri ya vipande, hivyo lipo angalau fungu moja lenye kipande hicho. Kukiondoa kipande hicho hufungua nafasi ya kurekebisha vipande vidogo vyote, hata kwa kuviongeza, na bado fungu litakuwa limepungua. Hali ambayo kete zote zimekwisha ina jumla ya sifuri, na kete hupungua kila zamu. Kwa hiyo mwenye kuacha sifuri kila mara ndiye atakayeiacha sifuri ya mwisho.

Turudi kwenye 3, 5 na 7. Upungufu uko kwenye safu ya 1, na mafungu yote matatu yana kipande cha 1, kwa hiyo kuondoa kete moja katika fungu lolote kunatosha. Tuseme mchezaji wa kwanza anaondoa moja kwenye 7, zikabaki 3, 5 na 6. Mpinzani anaondoa 4 kwenye fungu la 6, zikabaki 3, 5 na 2. Sasa vipande vya 2 ni viwili, vya 1 ni viwili, lakini cha 4 ni kimoja tu, ndani ya fungu la 5. Mchezaji wa kwanza anaondoa hizo 4, zikabaki 3, 1 na 2. Mpinzani anachukua fungu lote la 3, zikabaki 1 na 2. Mchezaji wa kwanza anaondoa moja kwenye 2, na sasa ni 1 na 1. Mpinzani anachukua moja, na ya mwisho inachukuliwa na aliyeanza. Kama mpinzani angechagua hatua nyingine popote njiani, jibu lingebadilika, lakini lisingekosekana.

Katika mfano huo kurekebisha kulikuwa kuondoa kipande kimoja tu. Si mara zote huwa hivyo, na hapo ndipo wengi wanaojifunza mchezo huu hukosea. Chukua mafungu ya 3, 8 na 13:

```
       8  4  2  1
3   =  0  0  1  1
8   =  1  0  0  0
13  =  1  1  0  1
-----------------
       0  1  1  0
```

Jumla ya Nimu ni 6, yaani 4 na 2. Mchezaji mwenye haraka huona 6 akaondoa kete 6 kwenye 13. Zinabaki 3, 8 na 7, ambazo jumla yake si sifuri bali 12, na mpinzani hushinda kwa kulipunguza fungu la 8 hadi 4. Jumla ya Nimu haisemi kete ngapi ziondolewe. Inasema ni safu zipi zinazohitaji kugeuzwa. Safu kubwa yenye upungufu ni ya 4, na fungu pekee lenye kipande cha 4 ni 13, basi hilo ndilo la kuguswa. Ndani yake kipande cha 4 huondoka, na kipande cha 2 ambacho hakikuwepo huingia. Nane, mbili na moja ni 11. Hatua sahihi ni kuondoa kete 2 tu, zikabaki 3, 8 na 11.

Ipo njia ya mkato ya kupata 11: baada ya kujua fungu la kugusa, liweke kando, kisha tafuta jumla ya Nimu ya mafungu yaliyobaki. Ya 3 na 8 ni 11, na huo ndio ukubwa ambao fungu hilo linapaswa kuwa nao. Jibu likitoka kubwa kuliko fungu lenyewe, basi fungu lililochaguliwa silo, kwa sababu hairuhusiwi kuongeza kete.

Wengine hucheza kwa sharti la kinyume, kwamba anayechukua kete ya mwisho ndiye ameshindwa. Hesabu haibadiliki isipokuwa mwishoni. Mchezaji huendelea kuacha sifuri kama kawaida mpaka afike mahali ambapo hatua yake itaacha mafungu ya kete moja moja tu. Hapo huhakikisha kuwa idadi ya mafungu hayo ni witiri. Kwa mfano, zikiwa 1, 1 na 4, katika mchezo wa kawaida angechukua zote 4. Kwa sharti la kinyume huchukua 3, ili yabaki mafungu matatu ya moja moja na mpinzani alazimike kumaliza.

Sharti jingine linalopendwa ni la kuweka kikomo, kwa mfano kutoondoa zaidi ya kete 3 kwa zamu. Hapa kila fungu hugawanywa kwa 4, yaani kikomo na kuongeza moja, kisha baki ndilo linalotumika katika hesabu badala ya fungu zima. Mafungu ya 6, 9 na 11 hutoa baki za 2, 1 na 3, ambazo jumla yake ya Nimu ni sifuri, kwa hiyo mwenye zamu yumo hatarini. Bila kikomo mafungu hayohayo yangempa ushindi, kwa kulipunguza 6 hadi 2, lakini hatua hiyo inahitaji kuondoa kete 4.

Mwaka 1935 Roland Sprague, na mwaka 1939 Patrick Grundy, kila mmoja kwa njia yake, walionyesha kuwa hesabu hii inafika mbali zaidi. Mchezo wowote wa zamu usio na bahati nasibu wala siri, unaolazimika kufika mwisho, na ambamo wachezaji wote wawili wana hatua zilezile za kuchagua huku asiye na hatua akishindwa, unaweza kupimwa kana kwamba ni fungu la Nimu. Sharti la hatua zilezile ndilo mpaka wake. Katika bao kila mchezaji husogeza kete za upande wake, na katika drafti kila mmoja ana rangi yake, kwa hiyo jumla ya Nimu haiwezi kutabiri mshindi wa michezo hiyo.

Ukichagua mafungu mawili yoyote, kuna ukubwa mmoja tu wa fungu la tatu unaofanya jumla kuwa sifuri. Kwa hiyo mafungu yakipangwa bila kuhesabiwa, mara nyingi anayeanza ndiye mwenye ushindi mkononi. Yakipangwa 1, 3, 5 na 7, jumla ni sifuri. Hapo ni heri kumwachia mwenzako aanze. Na ukilazimika kuanza wewe katika hali ya sifuri, ondoa kete moja tu, ili mchezo urefuke na mpinzani awe na zamu nyingi za kukosea.