Barua ya Nia Haisomwi Peke Yake

Kila mwaka shirika la DAAD la Ujerumani hufadhili masomo ya uzamili kwa wataalamu kutoka nchi zinazoendelea, chini ya mpango uitwao EPOS. Masharti yake makuu yanaeleweka: uwe na shahada, ambayo kwa kawaida haijapita miaka sita, na uwe umefanya kazi ya fani hiyo kwa angalau miaka miwili. Wanaotimiza hayo ni wengi kuliko nafasi, na hapo ndipo barua ya nia inapopata uzito wake.

Anayeipima ana faili zima la mwombaji mbele yake: wasifu, transkripti na barua ya mwajiri. Kila anachodai mwombaji kinatafutiwa ushahidi humo.

Tumchukue mwombaji wa kubuni, ofisa wa mamlaka ya maji katika mji mmoja wa Tanzania, anayeomba mwaka 2025 kwenda kusomea usimamizi wa rasilimali za maji. Barua yake inaanza hivi: “Tangu utotoni nimekuwa na shauku ya kupambana na mabadiliko ya tabianchi.” Kisha aya nzima inakisifu chuo kwa maneno ambayo chuo chenyewe kimeyatumia kujinadi. Ukiziba jina la kozi kwa kidole, barua hiyo yaweza kutumwa kuombea masomo ya misitu, au hata ya biashara. Nia haijaonekana bado.

Nia ingeonekana kama angeanzia kazini kwake. Mamlaka inasukuma maji mengi mtaani, lakini ankara zinazotoka ni za sehemu tu ya maji hayo. Yeye anajua kukokotoa pengo hilo kwenye karatasi. Asichokijua ni namna ya kuligawa: kiasi gani ni mabomba yanayovuja, kiasi gani ni mita kuukuu zinazosoma pungufu, na kiasi gani ni wizi. Mtu wa namna hiyo ana swali, na mpimaji anaweza kuangalia masomo ya kozi aone kama yanalijibu.

Sasa tarehe. Barua inasema: “Nimeongoza mradi wa kupunguza upotevu wa maji kwa miaka mitatu.” Wasifu unamwita meneja wa mradi. Barua ya mwajiri inasema aliajiriwa Julai 2022 kuwa ofisa ankara, akahamishiwa kitengo cha ufundi Januari 2024. Nyaraka tatu, watu watatu. Kinachoudhi ni kwamba ukweli ungemtosha kabisa, maana miaka miwili inayotakiwa anayo, na kuhama kutoka ankara kwenda ufundi ndiyo hadithi bora aliyonayo: aliliona pengo akiwa mezani, akaenda kulitafuta chini ya ardhi. Angeandika kwamba alikuwa mmoja wa timu iliyopima, na kutaja kipimo alichokifanya yeye, mpimaji asingekuwa na la kutilia shaka.

Transkripti nayo inasema. Kama haidrolojia alipata D, asiliite somo alilolimudu kuliko yote. Sentensi moja ya kueleza kilichotokea, na nyingine ya kuonyesha alichojifunza kazini baadaye, zinatosha. Aya nzima ya kujitetea huzidisha shaka.

Mipango ndiyo inayowaangusha wengi, kwa sababu wanadhani ukubwa wake ndio unaovutia. “Nitaanzisha taasisi itakayomaliza tatizo la maji Afrika” haina bajeti, mahali wala mwaka wa kuanza. Linganisha na huyu: atarudi kwa mwajiri wake, achague mtaa mmoja wenye mita yake kuu, apime maji yanayoingia kati ya saa nane na saa kumi usiku. Saa hizo watu wengi wamelala, kwa hiyo maji yanayoendelea kupita kwa wingi ni dalili kubwa ya uvujaji. Mpango huo ni mdogo, lakini unaaminika, hasa barua ya mwajiri ikithibitisha kwamba nafasi yake itamsubiri.

Mpango uendane pia na mlango unaobisha. Sheria ya Ujerumani humruhusu mhitimu kutoka nje kubaki hadi miezi 18 akitafuta kazi, na anayejilipia hana sababu ya kuona aibu kulitaja. Lakini EPOS inafadhili maendeleo ya nchi unakotoka. Kuiambia kwamba unatafuta ajira Ulaya ni kuiomba fedha kwa jambo isilolifadhili. Kuificha nia hiyo huku wasifu na mipango ikielekea huko nako hugundulika.

Kabla hujatuma, mpe barua na nyaraka zako mtu asiyeijua kazi yako, umwombe akueleze unakwenda kusoma nini, kwa nini sasa, na utarudi kufanya nini. Akikwama hata kwenye swali moja, usiitume bado.