Milimita Moja kwa Siku

Mgonjwa aliyewekewa vyuma vya nje ili kurefushwa mguu hutoka hospitali akiwa na spana namba 10. Spana hiyo ni sehemu ya matibabu yake. Mara 4 kwa siku, tuseme saa 12 asubuhi, saa 6 mchana, saa 12 jioni na saa 4 usiku, yeye mwenyewe au mzazi wake huzungusha nati zilizo kwenye vyuma vyembamba vyenye hesi, vile vinavyounganisha pete zilizouzunguka mguu. Kila nati huenda robo mzunguko, basi. Hesi zimechongwa kwa namna ambayo mzunguko mzima wa nati husogeza pete milimita 1, kwa hiyo robo yake ni milimita 0.25. Kabla ya kulala, vipande viwili vya mfupa uliokatwa vitakuwa vimeachana milimita 1 zaidi ya jana, na katika mwanya ule mfupa mpya unaota.

Aliyeuweka utaratibu huu katika misingi yake ni Gavriil Ilizarov, daktari wa Kisovieti aliyepangiwa kazi mkoa wa Kurgan, Siberia, Vita vya Pili vya Dunia vikielekea ukingoni. Wagonjwa wake wengi walikuwa na mifupa iliyovunjika ikakataa kuunga. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alibuni fremu ya pete za chuma zinazoshikwa kwenye mfupa kwa waya nyembamba, waya zilizokazwa kama spoki za baiskeli. Nia yake ilikuwa kuzibana ncha za mfupa zikutane. Inasimuliwa kwamba mgonjwa mmoja alizungusha nati kinyume, ncha zikaachana badala ya kubanana, na picha ya eksirei ikaonyesha mfupa mchanga katikati. Umaarufu ulimfikia mwaka 1968 alipomtibu Valeriy Brumel, bingwa wa Olimpiki wa kuruka juu aliyevunjika vibaya mguu katika ajali ya pikipiki. Nchi za Magharibi zilichelewa kumsikia, hadi mwaka 1981 alipowahutubia madaktari wa mifupa nchini Italia.

Tuchukue mfano wa kijana wa miaka 14. Akiwa na miaka 6 aliugua mfupa wa muundi, ukajaa usaha, na ugonjwa ukaharibu eneo la ukuaji lililo chini kidogo ya goti. Usaha ulikwisha, lakini mguu wa kushoto uliendelea kubaki nyuma. Daktari amepiga hesabu na kuona kwamba kijana atakapomaliza kukua, muundi huo utakuwa mfupi kwa sentimita 4. Ingekuwa chini ya sentimita 2, kiatu kilichoongezwa soli kingetosha. Angeletwa mapema zaidi, pengine ukuaji wa mguu mrefu ungeweza kusimamishwa kwa upasuaji mdogo ili mfupi uukute. Akiwa na miaka 14, muda wa kukua uliobaki hautoshi kuziba pengo la namna hiyo.

Siku ya upasuaji, fremu hufungwa kwanza, ndipo mfupa ukatwe. Mahali pa kukatia ni chini ya goti, pale mfupa ulipo mpana na wenye damu nyingi. Daktari mzoefu hatumii msumeno wa umeme wenye kasi, kwa sababu joto lake huunguza chembe hai zilizo kando ya mkato. Hupasua ngozi kidogo, hutoboa matundu kadhaa madogo katika mstari mmoja, kisha huyaunganisha kwa patasi. Kitu anachokilinda kuliko vyote ni utando unaoufunika mfupa, kwa kuwa mfupa mpya unautegemea sana. Mfupa mwembamba wa pembeni nao hukatwa. Ukiachwa mzima utauzuia muundi usirefuke.

Baada ya hapo hakuna kinachozungushwa kwa siku 7 hivi. Jamaa wengi hudhani hospitali inapoteza muda. Katika siku hizo damu iliyovilia kwenye mkato hugeuka uwanja wa kazi: chembe za kujenga mfupa zinaingia, mishipa midogo ya damu inachipua. Nati zikianza kuzungushwa mapema mno, mwanya hufunguka kabla ya kuwa na kitu cha kuvutwa. Zikichelewa mno, hasa kwa mtoto ambaye mfupa wake huunga upesi, mkato unaweza kuanza kufunga. Ndiyo maana mtoto mdogo anaweza kusubiri siku 5 tu na mtu mzima akafikisha 10.

Kisha huja siku 40 za kuvuta, milimita 1 kila siku, zinazotimiza sentimita 4. Ndani ya mwanya kazi huenda kwa mpangilio unaostaajabisha. Katikati kabisa kuna ukanda laini wa nyuzi, na huko ndiko urefu unakozaliwa. Pande zake mbili nyuzi hizo hujipanga kuelekea zinakovutwa, na kati yake hupita mishipa ya damu isiyoonekana kwa macho. Kadiri unavyokaribia ncha za mfupa wa zamani, chokaa huanza kujaa kwenye nyuzi na kuzifanya mfupa. Mfupa huu kwa kawaida haupitii hatua ya gegedu kama inavyotokea katika mivunjiko mingi. Nyuzi hugeuka mfupa moja kwa moja. Kwenye eksirei ya wiki ya tatu au ya nne, daktari hutarajia kuona michirizi meupe iliyolala kufuata urefu wa mguu, na ukanda mweusi mwembamba ukiikata katikati. Ukanda huo usimtie mzazi hofu. Ndio unaoonyesha kwamba kiwanda bado kiko wazi.

Kwa nini milimita 1? Ilizarov alilijibu swali hilo kwa majaribio ya mbwa yaliyochapishwa kwa Kiingereza mwaka 1989. Kwa nusu milimita kwa siku, mara nyingi mfupa uliwahi kufunga kabla ya kufikia urefu uliotakiwa. Kwa milimita 2, mfupa mpya ulikuwa hafifu na nyama zilizouzunguka ziliumia. Akaona pia kwamba milimita hiyo 1 ikigawanywa mara 4 huleta matokeo mazuri kuliko ikivutwa kwa mkupuo, na ikigawanywa mara 60 kwa mashine matokeo huwa bora zaidi. Huo si msahafu, maana mvuta sigara au mtu mzima ambaye picha zake zinaonyesha michirizi hafifu atapunguziwa mwendo, hata ifike nusu milimita, na pengine atasimamishwa kwa siku kadhaa.

Dalili za mfupa kuwahi kufunga huanzia mkononi mwa anayeshika spana. Nati inakuwa nzito, maumivu yanaongezeka, waya zinaanza kupinda, lakini eksirei inaonyesha mwanya uleule wa juma lililopita. Hapo kulazimisha ni hatari. Mara nyingi mgonjwa hurudi chumba cha upasuaji kukatwa tena. Kosa jingine la nyumbani ni la hesabu. Nati ya kawaida ina pande 6, na robo ya mzunguko haiangukii kwenye pembe, kwa hiyo ni lazima iwekwe alama ya rangi na kila mzunguko uandikwe kwenye daftari. Fremu nyingi za sasa zina vizungushio vya pande 4 vyenye namba, na kwa maoni yangu mgonjwa anayekaa mbali na hospitali asiruhusiwe kwenda nyumbani bila hivyo.

Hata hivyo, katika jambo zima hili mfupa ndio mtiifu kuliko wote. Ugumu uko kwenye vile vinavyouzunguka. Msuli wa nyuma ya muundi na kano ya kisigino haviongezeki kwa wepesi huo. Vinakaza kama kamba, vikiivuta nyayo iangalie chini. Kijana wetu akifika siku ya 25 anaweza kuanza kusimama kwa vidole, na goti likakataa kunyooka. Kwa sababu hiyo mazoezi ya viungo ni ya kila siku: kuvuta nyayo kwa mkanda kuelekea kwenye muundi, kulala goti likiwa limenyooka bila mto chini yake, kukanyaga kwa magongo hata kama inauma. Mto chini ya goti hutolewa na ndugu kwa huruma, nao ndio mwanzo wa goti kupinda moja kwa moja. Baadhi ya madaktari hurefusha fremu hadi kwenye nyayo tangu mwanzo ili kifundo kisipate nafasi ya kudondoka. Neva nazo huvutika. Ganzi juu ya nyayo, au kidole gumba kisichoinuka, ni habari ya kumpigia daktari siku hiyohiyo ili mwendo upunguzwe au usimamishwe.

Vidonda vya waya ndivyo malalamiko ya karibu kila mgonjwa. Kila mahali waya au skrubu inapotoboa ngozi pana njia ya vijidudu. Wekundu, maumivu mapya na majimaji ya mawingumawingu hutibiwa kwa usafi na vidonge vya antibayotiki. Waya iliyolegea ikaendelea kutoa usaha huondolewa, kwa kuwa ikiachwa ugonjwa utaingia kwenye mfupa. Kwa kijana ambaye mfupa wake uliwahi kuugua, hilo halipewi nafasi. Tatizo jingine ni mguu kupinda. Kwa kuwa nyama nyingi za muundi ziko nyuma, mkato wa chini ya goti huelekea kupinda mbele na kufanya goti liingie ndani. Daktari hulirekebisha kwa kuzungusha nati za upande mmoja zaidi ya mwingine, mradi aligundue mfupa ungali laini.

Siku ya 47 nati zinaachwa, na familia nyingi huuliza vyuma vinatolewa lini. Jibu huwavunja moyo: bado kama siku 80. Mfupa mpya una urefu lakini hauna nguvu, na huimarika kwa kubebeshwa uzito, kwa hiyo kijana hutembea na fremu yake. Kwa jumla ni kama miezi 4, takriban mwezi mmoja kwa kila sentimita, na kwa mtu mzima huwa zaidi. Vyuma hutolewa pale ukuta wa mfupa mpya unapoonekana umekamilika walau pande 3 kati ya 4 kwenye eksirei mbili, ya mbele na ya ubavuni. Kabla ya hapo daktari makini hulegeza vyuma vya katikati na kumwacha mgonjwa akanyage siku chache. Maumivu au kupinda kokote kunaahirisha kazi. Fremu ikishatoka, mguu huingia kwenye plasta au kifaa cha kuushikilia kwa wiki kadhaa, na mpira wa miguu hukatazwa, kwa sababu mfupa mpya na matundu ya waya bado vinaweza kuvunjika.

Ikitokea siku ya 30 ya kuvuta kifundo kimekaza na hakirudi kwa mazoezi, daktari anaweza kusimamisha kuvuta kwenye sentimita 3. Wazazi wengi huiona hasara, lakini sentimita 1 inayobaki hurekebishwa kwa soli ya kiatu, wakati kifundo kilichoganda hakina kiatu cha kukirekebisha.