Aya ya Kwanza Ndiyo Inayobeba Alama

Kwenye mtihani wa uandishi wa habari kuna swali moja linalopima karibu kila kitu: unapewa maelezo yaliyochanganywa, uandike kichwa na aya ya kwanza. Tulijibu kwa kuzama kwa kivuko MV Nyerere.

Tuseme ni Ijumaa usiku, 21 Septemba 2018, na mezani una haya: kivuko kilitoka Bugolora, Ukerewe, kwenda Ukara, kilipinduka Alhamisi mchana kikikaribia gati la Bwisya, uwezo wake ni abiria 101, viongozi wamethibitisha vifo zaidi ya 100, uokoaji unaendelea.

Wengi huanza hivi: "Kivuko MV Nyerere kiliondoka Bugolora mchana kikielekea Ukara." Huko ni kufuata saa, na saa ni mpangilio wa hadithi. Habari ya tukio hufuata uzito, ili mhariri akibanwa na nafasi akate kutoka chini bila kuua habari. Kilicho kizito hapa ni vifo:

"Zaidi ya watu 100 wamekufa baada ya kivuko MV Nyerere kupinduka juzi karibu na kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria, viongozi wa serikali wamesema."

Kwa gazeti la Jumamosi, "juzi" ni Alhamisi. Na maneno manne ya mwisho usiyafute. Hesabu ya vifo ilipanda siku baada ya siku, ikapita 200. Aliyeiandika bila chanzo aliibeba mwenyewe.

Kichwa: "Kivuko chazama Ukara, zaidi ya 100 wafa". Kifupi, kitenzi kinafanya kazi, hakuna cha kutia chumvi. Kuna atakayeandika "Uzembe waua zaidi ya 100". Huyo apoteze alama za maadili, kwa sababu uchunguzi haujasema hivyo. Uwezo wa abiria 101 ni ukweli unaojitegemea. Uuweke aya ya pili, msomaji aulinganishe na vifo mwenyewe. Majina ya marehemu yasubiri ndugu waambiwe.

Jumamosi mambo yanageuka: fundi mitambo anatolewa akiwa hai ndani ya kivuko kilichopinduka. Kwa ukubwa, vifo bado ndivyo vizito, lakini msomaji anavijua tangu jana. Upya na uhaba wa tukio ndio unaoamua: "Fundi aokolewa hai siku mbili baada ya kivuko kuzama". Vifo viingie sentensi ya pili, maana furaha ikisimama peke yake itawakosea waliofiwa. Na mtu aliyetoka majini namna hiyo apelekwe kwanza kwa daktari; maikrofoni ingoje.

Sasa zoezi lako: serikali yatangaza siku nne za maombolezo, miili bado inatolewa ziwani. Andika kichwa kisichozidi maneno saba na aya isiyozidi maneno 25, kisha uthibitishe kwa sentensi moja kwa nini umeanza na hicho ulichoanza nacho.