Nusu kwa Nusu: Mkataba wa Ubia Hupimwa Siku ya Kukwama

Juni 2003, jijini London, Rais Vladimir Putin wa Urusi na Waziri Mkuu Tony Blair wa Uingereza walishuhudia kampuni ya mafuta ya BP ikitia saini mkataba na kundi la matajiri wa Kirusi lililojulikana kwa jina la AAR, wakiwemo Mikhail Fridman na Viktor Vekselberg. Pande hizo mbili ziliunda kampuni ya ubia, TNK-BP, kila mmoja akichukua asilimia 50 ya hisa. Kibiashara ubia huo ulifana mno: TNK-BP ilikuwa ya tatu kwa uzalishaji wa mafuta nchini Urusi, na katika miaka isiyofika kumi BP ilivuna gawio la takriban dola bilioni 19.

Hata hivyo, wabia hao walipelekana mahakamani, na mkurugenzi mtendaji wao akalazimika kuikimbia Urusi. Hawakugombania hasara, maana hasara haikuwepo. Waligombania nani mwenye neno la mwisho. Putin mwenyewe alisema baadaye kwamba aliwaonya mapema kuwa mgawanyo wa nusu kwa nusu ungewaletea shida, na kwamba ingefaa mmoja awe juu ya mwenzake.

Nani anateua nani

Mkataba wa wanahisa ndio unaoamua kampuni ya ubia itaendeshwaje. Huo ni tofauti na katiba ya kampuni, ile hati inayosajiliwa serikalini na ambayo mtu yeyote anaweza kuisoma. Mkataba wa wanahisa hubaki baina ya wabia wenyewe, na ndani yake ndimo wanamoandika nani atateua wakurugenzi wangapi, nani atatoa mwenyekiti na nani atamtaja mkurugenzi mtendaji.

Kwa TNK-BP, viti vya bodi viligawanywa sawasawa. AAR ilitoa mwenyekiti, BP ikamteua mkurugenzi mtendaji, Robert Dudley. Mgawanyo huo ulionekana wa haki, lakini haukuwa na mtu wa kuvunja sare. Pia kulikuwa na sharti kwamba hakuna atakayeuza hisa zake kabla ya mwisho wa 2007. Haukupita muda tangu sharti hilo liishe, vita vikaanza. Warusi walidai Dudley anaiendesha kampuni kwa faida ya BP na anaizuia kutafuta mafuta nje ya Urusi, kwenye masoko ambayo BP ilikuwa na masilahi yake. Wataalamu waliotoka BP wakazuiwa kufanya kazi, viza ya Dudley ikawa na matatizo, na Julai 2008 akaondoka nchini.

Suluhu iliyofikiwa Septemba mwaka huo ilikuwa kubadili bodi: wakurugenzi wanne wa BP, wanne wa AAR, na watatu wa kujitegemea, akiwemo Gerhard Schröder, aliyekuwa Kansela wa Ujerumani. Sasa sare ilikuwa na wa kuivunja. Lakini mwishoni mwa 2011 wakurugenzi wawili wa kujitegemea waliacha viti vyao, vikabaki wazi, na bodi ikakosa akidi. Bodi isiyo na akidi haiwezi kupitisha jambo lolote halali.

Hapo kuna tundu ambalo wabia wengi hawalioni. Mkataba ukisema kikao hakifanyiki bila mkurugenzi wa kila upande, mbia asiyetaka uamuzi upite hahitaji kupiga kura ya kupinga. Anakaa tu nyumbani. Dawa yake ni kuandika kwamba kikao kikikosa akidi kitaahirishwa kwa siku zinazotajwa, tuseme saba, na kitakaporudiwa, waliofika watatosha. Ila waliofika wasiruhusiwe kugusa yale mambo yaliyowekewa ulinzi maalumu.

Mambo yaliyotengwa

Ulinzi huo ndio moyo wa mkataba wa ubia. Tuchukue mfano wa kubuni. Msindikaji wa maziwa wa Iringa anaungana na msambazaji wa Dar es Salaam. Wanaunda kampuni yenye hisa 1,000: msambazaji hisa 600, msindikaji hisa 400.

Kwa sheria za kampuni za Tanzania na Kenya, maazimio ya kawaida ya wanahisa hupita kwa wingi wa kura. Maazimio maalumu, kama kubadili katiba ya kampuni, huhitaji robo tatu. Msindikaji mwenye asilimia 40 anaweza basi kuzuia katiba isibadilishwe. Lakini hiyo haimkingi dhidi ya yale yanayoumiza kila siku.

Mwaka wa pili, bodi yenye wajumbe wengi wa msambazaji inakubali kuuza maziwa yote ya kampuni kwa maduka ya msambazaji huyohuyo, kwa bei inayozidi gharama kidogo tu. Maduka yanapata faida nono, kampuni ya ubia haipati kitu, na mwisho wa mwaka hakuna gawio. Kwenye vitabu hakuna kilichoibwa. Faida imehama kutoka mfuko wa wote wawili kwenda mfuko wa mmoja.

Ndiyo maana mkataba hutenga orodha ya mambo ambayo hayapiti bila ridhaa ya pande zote mbili, hata kama upande mmoja una hisa nyingi. Kwa kawaida orodha hiyo hubeba kutoa hisa mpya, kuuza mali kubwa, kukopa kupita kiwango fulani, kubadili aina ya biashara, bajeti ya mwaka, kumwajiri au kumwachisha mkurugenzi mtendaji, na mkataba wowote kati ya kampuni na mmoja wa wabia au jamaa zake. Kwa msindikaji wetu, hilo la mwisho linazidi mengine yote. Nalo lina kiungo kinachosahaulika: msambazaji akichelewa kulipa maziwa, nani ataamua kampuni imdai? Uamuzi huo ukibaki kwa bodi anayoitawala yeye, hadaiwi kamwe. Iandikwe kwamba upande usio na masilahi ndio utakaosimamia madai.

Orodha ikizidi urefu, nayo huua biashara. Kiwango cha manunuzi yanayohitaji ridhaa kikiwekwa chini sana, meneja ataomba ruhusa mpaka ya kubadili matairi ya lori. Dalili ya orodha mbovu ni pale mambo madogo yanaposubiri wiki nzima, na mbia mmoja anaanza kuuza ridhaa yake: nitakubali hili, ukinipa lile.

Kila jambo lililotengwa lazima pia lijibiwe swali la nini kitatokea ridhaa isipopatikana. Kwa bajeti, jibu la kawaida ni kwamba ya mwaka jana itaendelea, ikiongezewa kiasi cha mfumuko wa bei, ili mishahara na umeme vilipwe huku wakubwa wakibishana. Bila jibu hilo, mbia mwenye kuzuia ameshika koo la kampuni nzima.

Nguvu ya haki hizi ilionekana Januari 2011, pale BP ilipotangaza mpango wa kubadilishana hisa na Rosneft, kampuni ya mafuta ya serikali ya Urusi, na kutafuta mafuta pamoja katika bahari ya Aktiki. AAR ilifungua mkataba wao wa 2003 na kuonyesha kifungu kinachoitaka BP ifanye shughuli zake za mafuta nchini Urusi kupitia TNK-BP. Februari 1, Mahakama Kuu ya London ilitoa amri ya zuio, suala likaenda kwa wasuluhishi, na kufikia Mei mpango ulikufa. Kifungu kimoja kilisimamisha mpango wa mabilioni ya dola uliokuwa na baraka za serikali ya Urusi.

Njia ya kutoka

Kuzuia, hata hivyo, hakumalizi ugomvi. Wabia waliokwama wanahitaji njia ya kuachana, na njia hiyo huandikwa wakati bado wanapendana.

Njia ya kwanza ni haki ya kupewa nafasi: anayetaka kuuza amwambie mwenzake kwanza. Ya pili humlinda mdogo: mkubwa akipata mnunuzi, mdogo ana haki ya kuuza hisa zake kwa bei ileile. Ya tatu humlinda mkubwa: akipata mnunuzi wa kampuni nzima, anaweza kumlazimisha mdogo auze pia.

Ya nne, ambayo wengi huisifia kabla ya kuipima, ni ile ambayo mbia mmoja hutaja bei ya hisa, na mwenzake huchagua kuuza au kununua kwa bei hiyohiyo. Inaonekana ni haki tupu, kwa kuwa anayetaja bei ya dhuluma anaweza kununuliwa kwa bei hiyo. Turudi Iringa. Thamani halisi ya hisa ni shilingi milioni moja. Msambazaji anajua mwenzake hana fedha mkononi, anataja laki sita, na mkataba unatoa siku 30 za kuchagua. Msindikaji akitaka kununua anahitaji shilingi milioni 360, na benki haimkopeshi kwa muda huo. Anauza hisa zake 400 kwa milioni 240, ilhali zina thamani ya milioni 400. Amepoteza milioni 160 kwa kifungu alichokiamini.

Kwa wabia wasiolingana kifedha, afadhali bei ipangwe na mkaguzi wa hesabu wa kujitegemea, anayetajwa na chombo ambacho hakuna upande unaokitawala, na mnunuzi apewe muda wa kutosha kutafuta mkopo. Mkataba useme pia kama hisa za mdogo zitakatwa thamani kwa kuwa si nyingi. Usiposema, ubishi utaanzia hapo.

Mwisho wa TNK-BP ulipitia njia ya kwanza. Juni 2012 BP ilitangaza kwamba iko tayari kuuza. AAR ikaonyesha nia, na mkataba ukawataka wazungumze kwa nia njema kwa siku 90. Hawakuelewana. Muda ulipokwisha, Oktoba, Rosneft ilitangaza kununua pande zote mbili kwa takriban dola bilioni 55, na mauzo yakakamilika Machi 2013. AAR walitaka fedha taslimu, wakapata kama dola bilioni 28. BP ilipokea dola bilioni 12 na kitu taslimu, na sehemu iliyobaki ikalipwa kwa hisa za Rosneft, ambazo pamoja na zile ilizokuwa nazo zilifika asilimia 19.75.

Wote wawili walitoka kwenye ubia siku moja, lakini ni AAR waliomaliza safari. BP ilibadilisha mbia tu, tena sasa ikiwa mwanahisa mdogo kando ya serikali. Februari 2022, baada ya Urusi kuivamia Ukraine, ilitangaza kujiondoa Rosneft, na hesabu zake zikabeba hasara ya zaidi ya dola bilioni 20. Kwa hiyo kifungu cha kutoka kisiishie kwenye bei na siku. Kiseme pia malipo yatakuwa ya nini: fedha, au karatasi nyingine itakayohitaji nayo njia yake ya kutokea.