Jina lisubiri kidogo: namna ya kuanza kujitambulisha Arua na Koboko

Saa nane mchana, ukumbi mmoja mjini Koboko. Watu ishirini wameketi kwa mduara na kila mmoja anasimama kujitambulisha. Wa kwanza anasema, "Habari za asubuhi, jina langu ni fulani, natoka Arua, nimefurahi kuwa hapa." Wa pili anasema hivyo hivyo. Ikifika zamu ya wa kumi na mbili, bado ni "habari za asubuhi", ingawa jua limeshapita utosini. Aliyesimama hatazami saa. Anasoma fomula aliyofundishwa shule ya msingi, siku mgeni alipoingia darasani na watoto wote wakasimama kwa pamoja.

Ubaya wa fomula hiyo ni kwamba inaliweka jina mahali ambapo halisikiki. Mwaka 1973 mwanasaikolojia Mmarekani Malcolm Brenner alichapisha jaribio ambalo watu walikaa kuzunguka meza wakisoma maneno kwa sauti, mmoja baada ya mwingine. Walipoulizwa baadaye wanakumbuka nini, maneno waliyoyasahau zaidi yalikuwa yale yaliyosomwa muda mfupi kabla ya zamu yao wenyewe. Akili zao zilikuwa tayari kwenye neno watakalosoma wao. Mduara wa Koboko una hali hiyo hiyo. Jirani yako wa kulia hakusikilizi, anajipanga. Hao wengine wanahitaji sekunde mbili tatu kuzoea sauti yako na lafudhi yako. Ukilitoa jina katika sekunde hizo umelitupa, na ndiyo maana mapumziko yakifika utasikia, "Samahani, ulisema unaitwa nani?"

Kwa hiyo sentensi ya kwanza inapaswa kubeba kitu kinachomfanya msikilizaji ainue uso. Jina lifuate la pili au la tatu, masikio yakiwa yameshafunguka. Tofauti na ushauri wa vitabu vingi vya nje, salamu haiondoki. Huku Nile Magharibi anayeanza kusema bila kusalimu anahesabiwa kuwa hana adabu, na hakuna sentensi tamu itakayomsafisha. Salimu mara moja, kwa ufupi, kisha nyamaza mpaka uitikiwe. Watu wengi wanapakosea hapo: wanasalimu na kuendelea bila kupumua, na itikio la watu linalifunika jina.

Salamu ipi? "Hamjambo" au "habari zenu" inatosha, na haina saa. Ukijua kwamba waliopo wengi wanasema Kinubi au Kiarabu cha Juba, "salaam takum" itapokewa kwa tabasamu. Arua, ukiwa na mtu mmoja, "mi ngoni" ya Kilugbara inafaa. Lakini chagua moja. Wanasiasa wana tabia ya kusalimu kwa lugha tano mfululizo, na kila mara yuko mtu pembeni anayesubiri ya kwake na haiji. Msomaji wa Tanzania ajue pia kwamba "shikamoo" si kawaida ya huku. Mzee wa Koboko anaweza kukutazama tu, asijue ajibu nini, na wewe ukadhani amekasirika.

Baada ya salamu ndipo uchaguzi unapoanza, na watu wa eneo hili wana utajiri ambao wengi wao hawautumii: majina yao yanazungumza. Mwanaanthropolojia John Middleton, aliyefanya utafiti miongoni mwa Walugbara karibu na mwaka 1950, aliandika kwamba majina yao mengi yanataja kifo, umaskini na ugomvi wa nyumbani. Candiru na Candia yanatokana na neno la taabu. Drajoa lina kifo ndani yake. Yapo ya furaha pia, kama Ayikoru na Ayiko. Kwa Wakakwa wa Koboko jina mara nyingi huhesabu watoto: Wani kwa kawaida ni mtoto wa kiume wa tatu.

Mwenye jina la namna hiyo anaweza kuanza na maana na kumalizia na jina lenyewe. "Nilizaliwa mwaka ambao nyumbani kwetu hapakuwa na furaha, na mama akauandika mwaka huo kwenye jina langu. Naitwa Candiru." Msikilizaji ambaye si Mlugbara hatalisahau, kwa sababu amepewa sababu kabla ya kupewa jina. Mstari huo huo ukisemwa Arua, mbele ya Walugbara watupu, hauna kazi. Kila mtu anajua maana, na wengine watajiuliza kwa nini unawafundisha lugha yao. Maana ya jina ni mlango kwa wageni. Kwa wenyeji anza kwingine.

Wapo pia wasiotaka habari za nyumbani zitajwe mbele ya watu. Jina la taabu linaweza kuwa lilitolewa kwa ugomvi na mashemeji ambao bado wako hai, na huenda mmoja wao ameketi mstari wa nyuma. Kabla ya kulitumia jina lako hivyo, muulize mama.

Njia ya pili, ambayo kwa maoni yangu ni bora mara nyingi, ni kuanza na kile utakachofanya kwa watu waliopo. Chukua mfano wa kubuni wa msichana mwenye jina hilo la Candiru, aliyeajiriwa kununua ufuta, au simsim kama unavyoitwa huku. Anatumwa kutoka Arua kwenda Koboko, kwenye ile barabara ya lami inayoanzia Vurra mpakani mwa Kongo na kuishia Oraba mpakani mwa Sudan Kusini. Ukumbini kuna wakulima Wakakwa, wachuuzi wanaosema Kinubi, akina mama waliovuka kutoka Kongo wanaochanganya Kilingala na Kiswahili, na wafanyabiashara wa kutoka upande wa Kaya. Kiswahili ndicho kinachowakutanisha.

Rasimu yake ya kwanza ilikuwa: "Habari za asubuhi. Jina langu ni Candiru, natoka Arua, ni ofisa ununuzi, nina stashahada ya biashara, na nimefurahi sana kuwa nanyi." Hakuna uongo ndani yake, lakini hakuna linalomhusu mkulima pia. Hata "natoka Arua" halimsaidii. Koboko ilikuwa sehemu ya wilaya ya Arua mpaka mwaka 2005, na Arua mjini ikawa jiji tarehe 1 Julai 2020. Kwa mzee, Arua ni eneo zima alilozaliwa yeye mwenyewe. Kwa kijana, ni jiji lenye taa. Akitaka kutaja mahali, aseme Ediofe penye kanisa kuu, au ng'ambo ya mto Enyau, na watu wataona picha.

Mkulima wa ufuta ana swali moja anapomwona mnunuzi mpya: mizani. Ameibiwa kilo mbili hapa na tatu pale na watu wenye mizani iliyokazwa springi. Rasimu ya pili inaanzia hapo:

"Hamjambo nyote." Anasubiri. "Mizani nitakayopimia ufuta wenu ni ile pale mlangoni. Kabla hatujaanza, yeyote alete mfuko anaoujua uzito wake, tuupime mbele ya watu. Mimi ndiye nitakayekuwa nayo kila siku ya soko. Naitwa Candiru. Candiru, wa Ediofe, Arua."

Ukiisoma bila haraka haifiki nusu dakika. Kitu kinachoonekana kimetangulia, kazi ikafuata, jina likaja likiwa limeshikamana na mizani, na likarudiwa mara moja. Cheo na stashahada vimeachwa. Atakayetaka kuvijua atauliza, na akiuliza atasikiliza jibu. Ila mstari huu una sharti gumu: lazima mizani iwepo na iwe sahihi. Mfuko wa kwanza ukisoma pungufu, jina lililokaa vizuri kichwani mwa watu litabaki humo na doa lake.

Kuna neno katika rasimu hiyo lililochaguliwa kwa uangalifu, nalo ni "tuupime". Kiswahili kiliingia Nile Magharibi kwa kiasi kikubwa kupitia jeshi, tangu enzi za ukoloni vijana wengi wa huku walipoandikishwa askari. Wazee bado wanasikia ndani yake sauti ya amri: kaa chini, leta kitambulisho, simama hapo. Anayejitambulisha kwa vitenzi vya amri, "nisikilizeni", "njooni", hata akiwa na nia njema, anawarudisha huko. Maumbo ya "tu-" na "alete" yanasema jambo lile lile kwa sauti ya jirani.

Swali kama mstari wa kwanza lina hatari zake. "Je, mnajua ni kilo ngapi zinapotea msimu mmoja?" Msemaji anadhani ni pambo, lakini Koboko swali hujibiwa. Mtu wa kwanza atatoa hesabu yake, wa pili atampinga, na dakika kumi baadaye hujataja jina. Uliza tu kama unataka jibu kweli na muda upo. Mzaha nao hupita vibaya katika tafsiri. Ukumbi ukicheka kwa awamu tatu, lugha baada ya lugha, wa mwisho huwa wanacheka kwa adabu.

Zipo sehemu ambazo jina halipaswi kusubiri hata kidogo. Kituo cha mpakani Oraba, mbele ya askari au ofisa wa uhamiaji, sema jina kama lilivyo kwenye kitambulisho, kwa mpangilio ule ule, na uishie hapo. Kwenye boma la mzee wa Kikakwa, jina lako binafsi ni habari ndogo. Anachotaka kwanza ni wewe ni mtoto wa nani na wa ukoo gani, naye atakuuliza hivyo hivyo usipomwambia.

Usaili wa kazi Arua uko katikati. Wasaili watatu wana fomu yako mezani na jina limeandikwa juu yake kwa herufi kubwa. Wanaposema "tuambie habari zako", ukianza na "jina langu ni" umewasomea karatasi wanayoiona. Hadithi ya jina nayo haifai, kwani wana alama za kujaza na hakuna kisanduku cha hadithi. Anza na kazi moja uliyoimaliza inayofanana na hii: "Msimu uliopita nilipima na kulipia ufuta kwenye masoko matatu, na vitabu vya hesabu nilivifunga bila pengo." Halafu nyamaza, uone nani kati yao ameshika kalamu.